Hupaswa na Hupaswi

Wapo walimu wa udereva wanaofundisha watu kushika usukani. Rahima alifundisha watu kushika maneno.

Gia na klachi hazikumhusu. Hizo zilifundishwa na wanaume wawili kule uwanjani, kwa gari bovu lililokuwa likizima kila likipandishwa mlima. Darasa la Rahima lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Tukuyu mjini: madawati kumi na mawili, ubao mweupe, na dirisha lisilofunga sawasawa. Mvua ikinyesha kwa upande, dawati la mwisho halikaliwi. Na Tukuyu mvua hainyeshi kwa kuhesabu siku, kwa hiyo dawati lile lilikuwa limeshavimba mbao.

Chuo kilikuwa cha Mzee Fahadi, baba yake mdogo. Ndiye aliyemchukua Rahima alipoachika na kurudi nyumbani na sanduku moja, akampa chaki na kumwambia, "Wewe una maneno mengi, basi yatumie yatulipe." Akayatumia. Kwa miaka tisa alisimama mbele ya waendesha bodaboda, wauza ndizi walionunua gari la kwanza, na vijana wa Kiwira waliotaka kazi ya kuendesha malori ya makaa, akawaambia wote jambo moja: barabara mnaijua, ila maswali hamyasomi. Mtu anasoma maneno matatu ya kwanza, anaona jibu analolifahamu, analirukia kama mtu aliyeona ndugu yake stendi. Halafu akifeli anasema mtihani ulikuwa mgumu. Mgumu wapi! Hukusoma.

Alikuwa na maneno yake manne aliyoyaandika ubaoni kila Jumatatu: *daima*, *kamwe*, *isipokuwa*, *si*. Chini yake akaandika kwa wino mwekundu: PIGIA MSTARI KABLA YA KUJIBU. Asiyepiga mstari alirudishiwa karatasi yake hata kama amepata yote.

Mwezi wa pili, kampuni moja ya chai ilileta barua. Madereva wake kumi na wanne wote wapitie mafunzo ya wiki tatu, kisha wafanye mtihani wa kuchagua majibu, maswali ishirini na matano. Anayepata ishirini anaendelea na usukani. Anayepungukiwa anaondolewa kwenye usukani na kupelekwa kupakia majani, mpaka mtihani mwingine baada ya miezi mitatu, na hapo napo kama nafasi itakuwepo. Chuo kifundishe, kitunge, kisahihishe, kipeleke matokeo kwa Jairo, afisa usafirishaji. Mzee Fahadi aliibusu ile barua. Kazi kama hiyo chuo hakikuwahi kuipata.

Katika hao kumi na wanne alikuwemo Mzee Wilson wa Ikuti.

Mzee Wilson alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia ndani ya lori la majani mabichi, kutoka mabanda ya kupimia ya wakulima hadi kiwandani. Hakuwahi kuliangusha, hakuwahi kugonga hata mbuzi. Asubuhi za ukungu, ule wa kule juu unaofanya mtu asione ukingo wa kofia yake, madereva wengine walisimama pembeni na kusubiri lori la Wilson lipite, kisha wakafuata taa zake nyekundu za nyuma kama vifaranga. Hakuna aliyeliona hilo kuwa aibu. Walimwita Bwana Ukungu, naye jina alilipenda ingawa alijifanya halisikii.

Lakini kusoma! Aliishia darasa la saba, na tangu hapo alichosoma ni Biblia ya Kinyakyusa na namba za magunia. Kidole kilitangulia, macho yakafuata, midomo ikaja mwisho. Jaribio la kwanza alipata tisa.

"Mwalimu Lahima," alisema, kwa ulimi wake uliokuwa ukiigeuza kila *r*, "mimi balabala naijua. Hii kalatasi ndiyo siijui."

"Ndiyo maana tuko hapa, baba. Hebu nisomee hili."

Akasoma polepole. Alama zote hizi ni za onyo isipokuwa: A, kona kali, B, utelezi, C, simama, D, watoto wanavuka. Yeye alijibu A.

"Kona kali si ni onyo?" aliuliza.

"Ni onyo. Sasa swali linataka lipi?"

Kidole kikarudi nyuma. Kikapita kwenye *onyo*, kikasimama kwenye *isipokuwa*. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeingizwa mkenge na mtoto wake mwenyewe. "Linataka lisilokuwemo. Simama ni amli, si onyo."

"Umeona? Ulilijua. Ulikimbia tu."

Kuanzia siku hiyo alikuja na penseli aliyoichonga kwa kisu, na akawa anapiga mistari kwenye kila kitu. Alijifunza kwamba *si lazima usimame* na *lazima usisimame* ni mambo mawili: moja linakupa hiari, jingine linakukataza. Alijifunza kutoogopa *daima* na *kamwe* bila sababu. Vijana walikuwa na mchezo wao, wakiona *kamwe* wanakata jibu bila kulisoma, kwa kuwa waliambiwa na wenzao kwamba majibu makali huwa ya uongo. Rahima aliwaandikia ubaoni: kamwe usiendeshe ukiwa umelewa. Akauliza, hili nalo ni la uongo? Wakatazama viatu vyao.

Kilichomsumbua zaidi mzee kilikuwa *hu*.

"Hu hii ni ya kukataa au ya kuzoea?" aliuliza siku moja wenzake wakiwa wameshashuka. Akaonyesha maneno mawili, *hupaswa* na *hupaswi*. "Yote yanaanza sawa."

Rahima alifurahi, maana katika miaka tisa hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza hilo. Wengi walilikosa bila hata kujua wamelikosa. "Usitazame kichwa cha neno, baba. Kichwa hakikuambii kitu. Tazama mkia. Ukiishia na *a*, dereva hupaswa, ni jambo la kufanywa siku zote. Ukiishia na *i*, hupaswi, umekatazwa. Herufi moja."

"Mkia," alisema mzee, na akaandika neno hilo pembeni mwa karatasi, dogo, kama mtu anayeficha ufunguo. "Ndaga fijo, mwalimu," alishukuru kwa Kinyakyusa.

Jaribio la pili alipata kumi na nne, la tatu kumi na saba, la nne ishirini na moja. Siku aliyopata ishirini na moja alimletea Rahima mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe begani mpaka juu ya ngazi.

Sasa Muddy. Muddy alikuwa dereva kijana, mwepesi wa kila kitu, na mtihani alikuwa ameupangia njia fupi. Aliyapiga picha maswali ya mazoezi kwa simu na kukariri majibu kwa namba. Rahima aliwasikia yeye na wenzake wakiimba ngazini: la kumi na sita C, la kumi na saba A, la kumi na nane D. Hata swali hawakulitaja. Hasira zilimpanda zikamfikia masikioni. Miaka tisa anapiga kelele watu wasome, na hawa wanaimba namba mlangoni kwake!

Akaamua kuwatega. Ijumaa mchana alikaa kwenye kompyuta ya ofisini na kuandika mtihani kwa kutumia maswali yaleyale ya mazoezi, kwa mpangilio uleule, na sita kati yake akayageuza. Penye *si lazima* akaweka *lazima*. Penye *isipokuwa* akaliondoa. Swali la kumi na saba, lililokuwa likisema kwenye ukungu mzito wewe dereva *hupaswi* kutumia, alilibadili herufi moja tu, ya mwisho. Chini yake majibu yalibaki vilevile: A, taa za fulu, B, taa za dimu, C, zote mbili, D, hakuna hata moja. Alikuwa akicheka peke yake huku akiandika. Tutaonana, mabwana wa namba.

Kisha akafungua karatasi ya majibu aweke majibu mapya. Akabadili la tatu, la nane, la kumi na moja, la ishirini, la ishirini na mbili. Hayo ni matano. Akaona kazi imekwisha, akazima kompyuta.

Mtihani ulifanyika Jumamosi. Muddy alimaliza kwa dakika kumi na tano na kutoka akipiga mluzi. Mzee Wilson alimaliza wa mwisho kabisa, kidole kimekuwa cheusi kwa risasi ya penseli. Alipokabidhi karatasi aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mitego yako nimeiona, mwalimu. Umeyapindua maswali. Nimetazama mikia yote."

"Nilijua wewe utaiona, baba," alisema Rahima, na alikuwa anasema kweli.

Mzee Fahadi alitaka matokeo yawe mezani kwa Jairo Jumatatu asubuhi. Rahima alisahihisha siku hiyohiyo ya Jumamosi. Alikata ukanda mwembamba wa karatasi wenye majibu ishirini na matano, akawa anauweka kando ya kila mtihani na kushuka na kalamu nyekundu: vema, vema, kosa, vema. Karatasi kumi na nne kwa nusu saa. Swali hata moja hakulisoma. Angelisoma wa nini, wakati alilitunga mwenyewe?

Mzee Wilson alipata kumi na tisa.

Rahima aliumia. Aliirudia karatasi kwa ukanda uleule, na ukanda ukasema vilevile. Muddy alikuwa amenaswa na mitego mitano, lakini mengine yote aliyajibu sawasawa na akapata ishirini, kwa ncha ya kucha. Wengine wawili walipata ishirini pia. Watu wote walivuka isipokuwa mmoja. Akaandika matokeo, akatia muhuri, na Jumatatu yakaenda.

Jumatano Jairo alipiga simu kushukuru. Alikuwa mchangamfu. "Lakini mwalimu, huyu Bwana Ukungu katuchekesha. Nimeangalia orodha ya maswali mliyotuletea, kila mtu na aliyoyakosa. Mzee kakosa la taa za ukungu! La ukungu, yeye! Miaka ishirini na sita tunamfuata nyuma, kumbe alikuwa anabahatisha."

Rahima alicheka naye, kwa adabu. Alipokata simu, cheko likamkauka mdomoni. Wilson kukosa la ukungu? Angeweza kukosa lolote, lakini si hilo. Hata mtoto wa Ikuti anajua kwamba ukiwasha fulu kwenye ukungu, mwanga unakurudia usoni na mbele unaona ukuta mweupe. Alilivuta faili na kuitoa karatasi ya mzee.

Swali la kumi na saba. Kwenye ukungu mzito, wewe dereva hupaswa kutumia. Chini ya *hupaswa* mistari miwili ya penseli, imekandamizwa mpaka karatasi ikaingia ndani. Pembeni, kwa herufi ndogo: *mkia*. Jibu: B. Juu ya B hiyo, kosa kubwa jekundu la kalamu ya Rahima.

Akauchukua ukanda. La kumi na saba: A.

Alikaa chini. Herufi aliibadilisha kwenye swali, kwenye majibu akaisahau. Mtego ulikuwa wa kuwanasa wasiosoma, na wote wasiosoma waliukanyaga wakapewa alama kwa kuukanyaga. Mtu mmoja tu katika chumba kile alisoma alichoandikiwa. Na aliyekuwa amesimama mbele yake na kalamu nyekundu, yule mwenye maneno manne ubaoni, hakusoma.

Alimpelekea Mzee Fahadi karatasi mbili, ya Wilson na ya Muddy. Fahadi alizisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akazisoma tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, baba mdogo. Mimi na wewe."

"Tukilisahihisha kama lilivyoandikwa, mzee anapata ishirini. Hawa watatu waliopata ishirini wanashuka kumi na tisa. Utamnyanyua mmoja uangushe watatu?"

"Nimelifikiria hilo. Tuwape wote alama ya swali hilo, kosa ni letu. Wao wanabaki walipo, na Mzee Wilson anapanda. Hakuna anayeanguka. Ni barua ya mistari mitatu tu."

"Mistari mitatu inayosema nini?" Fahadi hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwamba chuo kinachofundisha watu kusoma maswali hakikusoma swali lake chenyewe? Wamesema mwezi wa tano wataleta madereva wa magari madogo, thelathini na wawili. Unadhani wakiipata hiyo barua watatuletea?" Akazikunja karatasi, akainuka, akazitia kwenye kabati la chuma na kulifunga. Ufunguo ukaingia mfuko wa kanzu. "Mzee atarudia. Miezi mitatu si miaka. Mfundishe bure, mimi sitamdai hata senti. Basi, mwanangu. Mtu hafi kwa kupakia majani."

Rahima angeweza kumpigia Jairo. Namba alikuwa nayo, na simu ilikuwa na salio. Alijiambia kwamba anamheshimu baba yake mdogo aliyemwokota na sanduku lake. Alijiambia kwamba bila karatasi nani atamwamini. Alijiambia miezi mitatu si miaka. Vyote hivyo vilikuwa na ukweli ndani yake, na vyote vilikuwa visingizio. Ukweli wenyewe ni kwamba aliogopa kuchekwa. Aliisikia tayari sauti ya Muddy ngazini: mwalimu wa mikia kakosa mkia!

Wiki nne alikaa na jambo hilo moyoni. Juma la tano likamshinda, akapanda bodaboda kwenda Ikuti, amwambie mzee uso kwa uso, liwalo na liwe.

Ilikuwa asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kabla ya kufika kwa Wilson, dereva wa bodaboda alisimama ghafla na kujikinga macho. Mbele yao mwanga mweupe ulikuwa umejaa barabara nzima, haujulikani unatoka wapi. Lilikuwa lori la majani, limesimama kwenye banda la kupimia, injini inaunguruma, taa ziko fulu. Rahima alishuka na kusogea kwa miguu. Wapakiaji walikuwa wakipandisha magunia, na mmoja wao, aliyevaa mfuko wa plastiki kichwani kwa ajili ya manyunyu, alikuwa Mzee Wilson. Kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha, alikaa Muddy.

Mzee aliweka gunia chini, akaenda kugonga mlango wa lori. "Mwanangu, shusha taa. Weka dimu. Ukiondoka hivi hutaona kitu, na anayekuja naye unamtia upofu."

Muddy akachungulia chini. Hakuwa na ubaya wa moyo, alikuwa na mdomo tu. "Mzee, si wewe uliyelikosa hilo swali? Mimi nililipata. Jibu ni A, fulu."

Wapakiaji walipasuka kicheko. Mmoja alilazimika kuliegemea gunia.

Mzee Wilson alirudi nyuma hatua moja. Alisimama akitazama zile taa, na Rahima akauona uso wake ukifanya kitu ambacho hakuwahi kukiona siku zote za darasani. Ulikuwa unasita. Mtu aliyeongoza malori miaka ishirini na sita kwenye ukungu ule ule alikuwa anajiuliza kama kweli ni dimu.

Ndipo alipomwona. Akavua mfuko kichwani kwa heshima. "Mwalimu! Umetutembelea."

"Shikamoo, baba."

"Malahaba. Umewasikia vijana? Usiwakasilikie. Kweli nililikosa." Akatabasamu, tabasamu la kuomba radhi. "Ulinifundisha vizuli. Ni macho yangu. Niliona *a*, kumbe ilikuwa *i*. Macho ya uzee, mwalimu."

Sasa. Sasa ndio wakati wake. Wapakiaji walikuwa wamenyamaza kumtazama mwalimu, Muddy ametoa kichwa chote dirishani. Rahima alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: "Muddy, zima hizo fulu. Weka dimu. Nakwambia mimi mwalimu wako."

Muddy aliweka dimu, huku akilalamika kwamba walimu wanabadilika. Barabara ikaonekana tena, hatua ishirini, ukingo wa nyasi, mfereji. Mzee Wilson alimtazama Rahima kana kwamba anangoja aseme neno jingine. Hakulisema. Aliulizia afya ya mama Prisca, mke wa mzee, akaambiwa anaendelea vizuri, akapanda bodaboda yake na kurudi Tukuyu. Njia nzima alilia, na ilikuwa hasira tupu. Alikuwa ametoka nyumbani na kweli mdomoni, na sasa anarudi nayo.

Mwezi wa tano, mzee alikuja darasani kujiandaa kurudia. Alikuja na penseli ileile, imebaki kipande. Alikaa dawati la mbele, akasema magunia yanaumiza kiuno lakini Mungu yupo. Rahima alikuwa amemwandalia karatasi kwa mkono wake, na swali la kwanza kabisa aliloandika lilikuwa lile. Kwenye ukungu mzito, wewe dereva hupaswa kutumia. Alilipanga hivyo makusudi. Mzee atalijibu sawa, yeye atatia vema kubwa nyekundu, na hapo, kwa mlango huo, maneno mengine yatatoka.

Mzee alisoma. Kidole kilitangulia, macho yakafuata. Kikafika kwenye mkia wa neno, kikasimama, na hakikuondoka.

"Mwalimu, hapa mwisho ni helufi gani?"

"Wewe unaona ipi, baba?"

"Mimi naona *a*." Akasogeza karatasi karibu na uso, akaipeleka mbali, akaigeuzia dirishani penye mwanga. "Lakini mala ile nayo niliona *a*. Niliona *a* kabisa, ningeapa. Na haikuwa."

"Ni *a*," alisema Rahima. "Ni *a*, baba. Unaona sawa."

Mzee aliinua macho, akamtazama kwa upole mwingi, upole wa baba kwa binti anayemficha habari ya msiba. "Unanionea huluma," alisema. "Ahsante. Lakini kule kwenye mtihani hutakuwepo kuniambia. Lazima nijifunze kutoyaamini haya macho."

Rahima alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ilikuwa fupi, ingemalizika kwa pumzi moja: mara ile pia ilikuwa *a*. Ofisini ng'ambo ya ukuta Mzee Fahadi alikuwa anaongea kwa simu na Jairo, anacheka, anapanga siku ya wale thelathini na wawili. Rahima akainyoosha karatasi mbele ya mzee, na sentensi haikutoka.

Mzee akarudi kwenye karatasi. Hakupiga mstari. Alifuata majibu kwa kidole, akaipita B, akarudi, akaandika A, taa za fulu, kwa herufi kubwa na safi. Kisha akamsogezea mwalimu karatasi, na kwa kuwa kalamu nyekundu ilikuwa upande wake wa dawati, akaichukua yeye mwenyewe akamkabidhi mkononi, asahihishe.